Mutoto mwenye kuokotwa: tusimuandike kama tulimuzaa

Tangu turudi Fizi wengi wanauliza: nikiokota mutoto, aandikwe namna gani?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakuta mutoto muchanga kwenye soko ya Baraka, amefungwa ndani ya kitenge. Anaita shefu wa kwartie na polisi, kisha wanaenda kwa ofisa wa etasivili wa pale mutoto aliokotwa. Ofisa anaandika prose-verbali: siku, saa, mahali, umri wa kukadiria, kama ni kijana ao binti, alama za mwili, nguo. Basi musitupe kile kitenge. Pengine muzazi wake atakitambua. Tena wanaandika jina mutoto anapewa, na mutu ao nyumba yenye kumupokea.

Yule mama anaandikwa kama mwenye kuokota ao kulea, hapana muzazi. Asistan-sosiali anafikisha jambo kwa juje wa watoto, naye ndiye anaamua mutoto akae kwa nani.

Wengine wanamuongeza kwenye karatasi ya kurudi ya jamaa yao, wakiogopa ataitwa mugeni. Haina lazima. Sheria ya uraia ya 2004 inamuhesabu mutoto muchanga mwenye kuokotwa Kongo kuwa Mukongomani, ikiwa wazazi hawajulikani. Lakini mukimuandika wenu, siku mama yake anatoka ngambo ya ziwa kumutafuta, hakuna karatasi itamuonyesha kama mutoto aliokotwa, wala wapi.