Neno "ila" lilipotoweka

Msikilizaji, miezi kadhaa iliyopita nilitengenezewa seti ya makochi huko Keko, Dar es Salaam. Yalipofika nyumbani nikamwandikia fundi: "Makochi ni mazuri na sponji ni imara, ila yamechelewa siku 9." Siku mbili baadaye nikaukuta ujumbe wangu kwenye stetasi yake ya Watsapu. Ulikuwa umekatwa baada ya neno "imara", na namba yangu ya simu ilionekana juu yake.

Sikuwa nimesema uongo, wala yeye hakuongeza neno. Lakini aliyesoma ule ujumbe aliamini kwamba nilihudumiwa bila tatizo lolote, na akapanga shughuli yake kwa imani hiyo. Tuseme ana harusi Jumamosi na anataka makochi Ijumaa. Neno nililoandika kwa ajili ya mtu kama huyo ndilo lililofutwa.

Nilimfuata fundi karakana, tukazungumza vizuri. Nikagundua kwamba shida ilianza mapema, kwenye namna anavyoomba maoni. Alikuwa anawaomba wateja siku ileile ya kupokea mzigo, tena kwa kusema, "Naomba uniandikie maneno mazuri." Siku ya kwanza kila kochi ni zuri. Sponji dhaifu huanza kubonyea baada ya kukaliwa, na mbao iliyofungwa vibaya huanza kulia baada ya wiki kadhaa. Halafu mtu ukishamwomba maneno mazuri, umemfunga mdomo kwa lile baya.

Tukakubaliana asubiri mwezi mmoja, kisha aandike hivi: "Shikamoo mama, ni fundi wako wa makochi. Leo yametimiza mwezi. Naomba kujua sponji imekaaje, na kama kuna jambo lililokukera kwenye kazi yangu. Ukikosa nafasi, hakuna neno." Ujumbe huo autume kwa kila mteja kwa zamu, bila kuwaruka wale waliogombana naye. Asipojibiwa, akumbushe mara moja tu, kisha aache. Mteja ameshalipa, hana deni la kumsifia mtu.

Jibu likifika, ruhusa ya kulibandika huombwa peke yake. Mtu anayekujibu kwenye simu anazungumza nawe, hajazungumza na mtaa mzima. Mwulize: niyabandike maneno yako wapi, karakana au mtandaoni? Niweke jina lako kamili, jina la kwanza tu, au nisiweke jina? Picha ya sebule yako je? Na umwahidi kwamba siku akisema ondoa, utaondoa. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina, namba na picha ya mtu ni taarifa zake. Kwa majirani zetu Kenya, mwaka huohuo wa 2023, ukumbi mmoja wa starehe Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 za huko kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Fundi akaniuliza, "Sasa mteja akiandika ukurasa mzima, nami nina nafasi ya mistari mitatu?" Swali la haki kabisa. Kufupisha si dhambi. Toa salamu, toa habari za watoto, lakini usiguse "ila", "lakini" na "isipokuwa". Ukimaliza, mrudishie aliyeandika asome kabla hujabandika. Akisema "sivyo nilivyomaanisha," rekebisha. Na usimnyooshee lugha. Akiandika "sponji imekaa poa", iache imekaa poa.

Kuna pia suala la zawadi. Yeye alikuwa akimpa mto mmoja wa bure kila anayemsifia. Nilimwambia, na bado naamini hivyo, kwamba huo ni ununuzi wa sifa. Kama anataka kushukuru, ampe mto kila anayejibu, awe amesifu au amelalamika, na pembeni ya maneno aandike kwamba mwandishi alipewa mto. Vivyo hivyo kama aliyesifu ni shemeji yake. Msomaji ana haki ya kulijua hilo ndipo apime.

Wiki iliyopita nilipita tena. Kwenye ubao wa karakana maneno yangu yamebandikwa yote, yakiwa na mwezi na mwaka, jina langu la kwanza na jina la mtaa, bila namba ya simu. Zile siku 9 zinasomeka. Chini yake fundi ameandika kwa mkono wake: "Ni kweli. Kitambaa kilichelewa kufika. Siku hizi naanza kuhesabu siku kitambaa kikiwa mkononi." Wakati nimesimama pale, mama mmoja aliyekuja kuagiza makochi alisoma hadi chini, akageuka akamwuliza, "Na cha kwangu, kitambaa unacho?"