Kujaza Betri Hadi Mia: Kemia Inayolindwa na Kipimo Kinacholindwa

Gari la Tesla Model 3 limeuzwa likiwa na betri za lithiamu za aina mbili, na wamiliki wamepewa ushauri unaoonekana kupingana. Mwenye betri ya nikeli huambiwa aishie asilimia 80 hivi kwa safari za kila siku. Mwenye betri ya fosfeti ya chuma huambiwa aijaze hadi 100, walau mara moja kwa wiki. Wengi huhitimisha kwamba hii ya pili haidhuriki kwa kujaa. Naona hitimisho hilo lina nusu tu ya ukweli: ushauri wa kwanza unalinda kemia ya betri, wa pili unalinda kipimo chake.

Seli ya nikeli ikijaa hufikia volti 4.2 hivi. Kwa volti hizo elektroliti huanza kuharibika, na chembe za kathodi, zikishapoteza lithiamu nyingi, hunywea na kupasuka nyufa ndogo. Joto huzidisha madhara hayo. Seli ya fosfeti ya chuma huchajiwa hadi volti 3.65 tu, na kathodi yake ni imara zaidi. Tatizo lake liko kwingine. Volti za seli ya nikeli hupanda kadiri chaji inavyoongezeka, hivyo kompyuta huweza kukisia kiasi kilichomo gari likiwa limetulia. Za fosfeti ya chuma hubaki karibu na 3.3 sehemu kubwa ya safari, iwe imejaa theluthi moja au mbili. Kompyuta hulazimika kuhesabu umeme unaoingia na kutoka. Tuseme kihisi kinakosea kwa ampea 0.2 katika saa 5 za kazi kila siku: hiyo ni ampea-saa 1. Baada ya siku 30, kwenye betri ya ampea-saa 160, kosa ni karibu asilimia 19. Dereva anaona 20 kwenye kioo, kumbe betri inakaribia kukauka. Karibu na kujaa volti hupanda ghafla; hapo kompyuta hujisahihisha na kupata nafasi ya kusawazisha seli.

Kuna pingamizi la haki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba seli za fosfeti ya chuma zinazotumiwa karibu na kujaa huchakaa haraka zaidi. Ni kweli, kwa kuwa anodi ya grafati iliyojaa lithiamu huendelea kula elektroliti. Lakini uchakavu huo huja polepole, ilhali kipimo cha uongo humwacha mtu njiani leo. Kwa hiyo jaza, kisha endesha mapema. Usiliache gari limejaa juani kwa wiki kadhaa. Na kabla ya kufuata ushauri wowote, fungua Controls > Software > Additional Vehicle Information: palipoandikwa Lithium Iron Phosphate, hiyo ndiyo betri ya kujazwa hadi mia.