Umri wa Chapisho na Haki ya Kulilinganisha



Tuchukue machapisho mawili ya ukurasa wa redio moja ya kubuni. La kwanza, habari ya bei ya unga, lina siku 30 na limetazamwa mara 6,000. La pili, mahojiano na mkulima, lina saa 48 tu na limetazamwa mara 4,200. Mhariri akipanga orodha kwa jumla, unga unashinda. Mwezi mzima chumba cha habari kitaagizwa kuandika zaidi juu ya bei, ilhali kitu pekee ambacho unga umemzidi mkulima ni siku za kuishi.

Wengi wakiliona kosa hili hukimbilia kugawanya kwa umri. Hapo unga unapata wastani wa 200 kwa siku, na mkulima 2,100. Ghafla mkulima ni bora zaidi ya mara kumi! Hili nalo ni kosa, na naliogopa zaidi kwa sababu linavaa sura ya hesabu. Chapisho halikusanyi watazamaji kwa mwendo mmoja. Hupata wengi mwanzoni, kisha kasi hufifia, kwa hiyo kila siku inayoongezeka chini ya mstari wa kugawanya huushusha wastani wa chapisho la zamani.

Njia ya haki ni kuuliza kila moja lilikuwa na ngapi lilipotimiza umri uleule. Tuseme saa 48. Hapa ndipo ugumu wa kazi ulipo, kwa kuwa kihesabu unachokiona ukurasani kwa kawaida huonyesha jumla ya sasa tu. Kama hukuihifadhi idadi wakati ule, huenda usiipate tena. Basi inabidi programu ipite kila saa, isome vihesabu vyote, na iandike mistari mipya bila kufuta ya zamani: chapisho gani, saa ya kusoma, idadi iliyoonekana.

Programu haitapita dakika ileile chapisho linapotimiza saa 48. Tuseme kwa unga tuna kipimo cha saa 47 na nusu, 3,060, na cha saa 48 na nusu, 3,120. Saa 48 iko katikati, hivyo tunakadiria 3,090. Sasa tunalinganisha 4,200 na 3,090: mkulima ameshinda, kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Ikiwa programu ilizimika na vipimo viwili vya jirani vimeachana kwa saa kumi na mbili, ni heri chapisho hilo liachwe nje kuliko kulibunia namba. Na lenye saa 20 halipewi sifuri. Linasubiri zamu yake.

Kwa nini 48, si sita? Chapisho la saa tano usiku likipimwa baada ya saa sita, muda wake wote umeangukia watu wamelala. La saa kumi na mbili asubuhi limepata wasafiri na wafanyakazi. Kipindi kinachogawanyika kwa 24 hulipitisha kila chapisho katika usiku na mchana kamili. Hata hivyo la Ijumaa bado litakutana na Jumamosi na Jumapili, na anayetaka kuondoa tofauti hiyo apime kwa saa 168, yaani wiki nzima. Saa zenyewe zihifadhiwe kwa majira ya UTC. Nimeona data ambamo saa mbili usiku ilisajiliwa kama 02:00 badala ya 20:00, na chapisho likaonekana limezaliwa saa 18 kabla ya wakati wake.

Kuchagua saa ni kuchagua pia aina ya chapisho litakaloruhusiwa kushinda. Gabor Szabo na Bernardo Huberman walionyesha mwaka 2010 kwamba saa mbili za mwanzo za habari kwenye Digg zilitosha kubashiri umaarufu wake wa siku 30. Video za YouTube zilihitaji kufuatwa siku 10 ili ubashiri uwe na usahihi uleule. Kwa hiyo saa 48 inaifaa habari ya leo, lakini inaionea video ya kufundisha kupandikiza miche, ambayo watu wataitafuta msimu wa mvua ukifika.

Kwa aina hiyo naweka safu ya pili ya siku 30, inayojazwa na machapisho yaliyotimiza siku 30 pekee. Wafuasi wa ukurasa wakiwa wameongezeka maradufu kati ya chapisho moja na jingine, hata umri uleule hautoshi. Idadi ya wafuasi wa siku ya kuchapisha nayo iandikwe palepale, kwenye mstari wa kwanza, maana hiyo pia kesho itakuwa imebadilika.