Mwangwi wa Chumba katika Rekodi za Nyumbani: Mfano wa Nyumba ya Matofali Sumbawanga

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi mjini Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa ni za matofali ya kuchoma, kuta zake zimepigwa lipu ya saruji, sakafu ni ya saruji iliyolainishwa, na juu ni bati ambalo wenye uwezo hulizibia kwa dari ya jipsamu. Ndani ya nyumba kama hiyo ndimo mjukuu anapomketisha bibi yake ili arekodi ngano za Kifipa, na ndimo mwanakwaya anapojaribu wimbo kabla ya kuingia studio. Na mara nyingi sauti iliyosikika safi masikioni hutoka kwenye simu ikiwa imevimba, kana kwamba msemaji alikuwa ndani ya mtungi. Hitilafu hiyo si ya simu, kwa kuwa binadamu ana masikio mawili na ubongo unaojua kupuuza sauti zinazorudi kutoka ukutani, ilhali maikrofoni hupokea kila kinachoifikia bila kuchagua.

Kinachorudi kutoka ukutani kwa kawaida huitwa mwangwi, ingawa mwangwi kamili, ule unaorudisha neno zima likasikika peke yake, huhitaji ukuta au mlima ulio mbali. Chumbani sauti hurudi upesi mno na mara nyingi mno, kiasi kwamba marejeo yake huungana na kuwa mkia mmoja, na mkia huo ndio unaoitwa hapa mvumo. Madhara yake huonekana zaidi pale rekodi inapokusudiwa kuandikwa: irabu, ambazo zina nguvu, huacha mkia unaofunika konsonanti dhaifu inayofuata, na mwandishi hubaki akirudia sehemu ileile bila kujua kama msimulizi alitamka hivi au vile.

Kanuni ya kupima mvumo ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambako mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara usiosikika. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo usiku chuo kikiwa kimya, na akapima jinsi kila ongezeko la mito lilivyoufupisha mvumo. Kanuni yake ni T = 0.161 × V / A, ambapo T ni sekunde zinazopita hadi sauti ishuke kwa desibeli 60, V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, na A ni ufyonzaji, yaani eneo la kila kitu chumbani likizidishwa kwa sehemu ya sauti ambayo kitu hicho humeza badala ya kuirudisha.

Chumba kitupu chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7 kina ujazo wa mita za ujazo 32.4, na lipu, saruji na jipsamu yake kwa pamoja hufyonza kama mita za mraba 2.5 tu, hivyo mvumo wake hufikia takriban sekunde 2. Likisimamishwa humo godoro la sponji la futi tano kwa sita, yakitundikwa mablanketi manne mazito, yakiingizwa makochi mawili ya sponji na msimulizi mwenyewe akaketi, ufyonzaji hupanda hadi karibu mita za mraba 13, na mvumo hushuka hadi sekunde 0.4. Katika chumba kidogo kanuni hii hutoa makadirio tu, lakini makadirio hayo yanatosha kuonyesha ukubwa wa kazi: blanketi moja lililotundikwa mlangoni halibadilishi kitu cha maana.

Hata hivyo kabla ya kuhamisha godoro lipo jambo lisilogharimu chochote, nalo ni umbali. Katika kila chumba kuna umbali kutoka mdomoni ambapo sauti inayotoka moja kwa moja na sauti inayorudi kutoka kuta zina nguvu sawa. Kwa maikrofoni inayosikia pande zote, umbali huo katika chumba kitupu kilichotajwa ni sentimita 23 hivi, na baada ya vitu kuingizwa huwa sentimita 51. Maana yake ni kwamba simu iliyowekwa mezani, sentimita 60 kutoka kwa bibi, katika chumba kitupu inarekodi kuta zaidi ya inavyomrekodi bibi. Umbali ukipunguzwa kwa nusu, sauti ya moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 huku mvumo ukibaki palepale. Kwa hiyo sentimita 15 hadi 20 ndio umbali unaofaa, maikrofoni ikiwekwa pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya herufi kama p isiipige.

Maikrofoni ya upande mmoja, ambayo husikia zaidi mbele na kuwa nusu kiziwi nyuma, hubadilisha pia mahali pa kutundika mablanketi. Wengi huyatundika mbele ya msemaji, nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa ndiko anakoelekeza sauti. Kumbe ukuta unaosikika zaidi ni ule ulio nyuma ya msemaji, kwa kuwa huo ndio maikrofoni inaoutazama. Godoro lisimame huko, mablanketi yafuate ubavuni, na mgongo wa maikrofoni uelekezwe upande uliobaki wazi.

Blanketi lililobanwa ukutani hufanya kazi nusu, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haiwezi kutikisika, na kitambaa humeza sauti kwa kuuzuia mtikisiko huo. Mtikisiko huwa mkubwa zaidi katika robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani: kwa sauti ya hezi 1,000 ni kama sentimita 8.5, kwa hiyo kamba ya kutundikia ifungwe sentimita 10 mbali na ukuta, na blanketi liachwe na mikunjo. Kwa sauti nzito ya mwanamume, ya hezi 100 hivi, robo hiyo ni sentimita 85, na hapo blanketi limeshindwa. Sponji nene iliyoegeshwa kwenye kona hupunguza kidogo, na kusogeza kiti kutoka katikati ya chumba husaidia pia. Magunia ya mahindi, ambayo nyumba za Ufipa hazikosi baada ya mavuno, hayamezi kama sponji, ila uso wake usio sawa huvunja mapigo yanayodundadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana, yale yanayosikika kama mlio wa chuma mtu akipiga kofi moja. Kofi hilo ndilo kipimo rahisi: lipigwe mahali pa mdomo wa msimulizi, lirekodiwe kabla na baada ya kila badiliko, kisha lisikilizwe kwa spika za masikioni.

Trei za mayai, ambazo bado hubandikwa katika studio nyingi za mitaani, humeza sauti nyembamba tu na kuacha uvimbe wote wa chini. Karatasi yake pia hushika moto haraka.

Mwishowe ifahamike kwamba vyote hivi hupunguza sauti inayozaliwa chumbani, wala havizuii inayotoka nje. Hakuna blanketi linaloshinda mvua juu ya bati, na Rukwa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Rekodi za ngano zipangwe kati ya Juni na Oktoba, na katika baridi ya Juni na Julai zifanyike mchana, wakati mablanketi hayo hayahitajiki kitandani.