Wastani wa Wastani: Hesabu Inayopotosha Ripoti za Vituo

Mhadhara wa umma, Shelui, Wilaya ya Iramba



Nitazungumzia kosa moja la hesabu linalofanyika pale taarifa za vituo vingi zinapounganishwa kuwa ripoti moja. Kila kituo huleta wastani wake. Karani wa makao makuu huzijumlisha namba hizo, akagawa kwa idadi ya vituo, akaandika jibu. Hesabu hiyo huonekana ya haki kwa sababu kila kituo kimepewa nafasi sawa. Lakini vituo havilingani kwa ukubwa, na hapo ndipo jibu linapoharibika.

Tuchukue zao tunalolijua, alizeti. Tarakimu zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya mfano. Chama cha ushirika kimenunua alizeti katika vituo vitatu. Shelui kilo 80,000, kwa wastani wa shilingi 900 kwa kilo. Kiomboi kilo 15,000, kwa shilingi 1,000. Misigiri kilo 5,000, kwa shilingi 1,100. Ukijumlisha bei hizo tatu na kugawa kwa tatu, unapata shilingi 1,000.

Sasa tufuate fedha. Shelui ililipa shilingi milioni 72, Kiomboi milioni 15, Misigiri milioni 5.5. Jumla ni milioni 92.5 kwa kilo 100,000, yaani shilingi 925 kwa kilo. Hiyo ndiyo bei ambayo chama kilinunulia. Ripoti inayosema 1,000 imeongeza shilingi 75 katika kila kilo, na kwa mzigo wote ni shilingi milioni 7.5 ambazo hakuna aliyezilipa wala kuzipokea. Kilo 5,000 za Misigiri zimepewa sauti sawa na kilo 80,000 za Shelui.

Wastani wenye uzito hurekebisha jambo hilo. Zidisha wastani wa kila kituo kwa kilo zake, jumlisha majibu, kisha gawa kwa kilo zote. Katika Excel, kilo zikiwa safu ya B na bei safu ya C, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Uzito upi utumike? Tazama kile kilichogawia wastani ulipotengenezwa kituoni. Bei kwa kilo iligawiwa kwa kilo, basi uzito ni kilo. Mavuno kwa ekari, uzito ni ekari. Asilimia ya mikopo iliyochelewa, uzito ni salio la mikopo yote ya tawi, si idadi ya wafanyakazi wake.

Sensa za nchi yetu zinalithibitisha jambo hili. Mwaka 2012 Tanzania Bara ilikuwa na watu 43,625,354 na Zanzibar 1,303,569. Mwaka 2022 Bara ilifikia 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Kwa miaka hiyo kumi Bara iliongezeka kwa asilimia 37.2 na Zanzibar kwa asilimia 45.0. Wastani wa kawaida wa namba hizo mbili ni asilimia 41.1. Tukiuamini, Tanzania ya 2022 ingekuwa na watu wapatao milioni 63.4, ilhali waliohesabiwa ni 61,741,120. Tungekuwa tumezusha watu zaidi ya milioni 1.6. Tukitumia idadi ya 2012 kama uzito, kwa kuwa ndiyo iliyogawia asilimia zile, tunapata 37.4, na namba zinakubaliana na sensa.

Kosa hili halijitangazi. Katika mfano wetu wa alizeti, shilingi 1,000 iko kati ya 900 na 1,100, kwa hiyo mkaguzi anayetazama kwa haraka hatashtuka. Kipimo cha kuaminika ni kurudi nyuma: zidisha wastani wa ripoti kwa kilo zote, kisha linganisha na fedha zilizolipwa. Zisipolingana, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria desimali, ripoti irudishwe.

Wastani wa kawaida una mahali pake. Vituo vikilingana kwa kilo, majibu yote mawili huwa sawa. Na kama swali ni namna vituo vyenyewe vinavyopanga bei, kila kituo kikiwa kitu kimoja cha kuchunguzwa, unafaa. Ila haujibu swali la mkulima wala la mweka hazina, ambao wanauliza kilo moja ililipiwa kiasi gani.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama mbadilishe fomu za vituo. Kila kituo kilete kilo zake na fedha zake zote, hata kama kitaandika na wastani wake pembeni. Kituo kilicholeta wastani peke yake kirudishiwe fomu kabla ya ripoti kufungwa, kwa sababu hakuna fomula inayoweza kurejesha kilo ambazo hazikuandikwa.