Bamvu na Maji Mafu: Dodoso la Siku Saba Mbele ya Mkulima wa Mwani



Waandaaji wa semina hii wamenitaka nianze na fasili. Nitazipitia haraka, kwani wengi wenu mnazitumia kazini kila siku. Kwa mujibu wa azimio la wanatakwimu wa kazi waliokutana Geneva mwaka 2013, chini ya Shirika la Kazi Duniani, mwenye ajira ni yule aliyefanya kazi ya malipo au faida angalau saa moja ndani ya kipindi cha rejea, ambacho mara nyingi ni siku saba. Mwenye ajira pungufu ya muda ni aliyefanya kazi saa chache kuliko kikomo kilichowekwa, anataka saa zaidi, na yuko tayari kuzifanya. Ukosefu wa ajira wa msimu nao ni ule unaokuja na kuondoka na mvua, mavuno au watalii. Azimio la mwaka 1998 lilitaja pia ajira isiyotosheleza kwa sababu ya kipato, lakini hilo limebaki pembeni mwa majedwali yetu.

Sasa niingie katika jambo lililonisumbua kwa miaka mingi, nalo ni zile siku saba.

Ukulima wa mwani ulianza kibiashara upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na wanaoufanya wengi ni wanawake. Shamba liko pwani panapokauka wakati wa bamvu, siku chache kila baada ya mwezi kuandama na kila baada ya mwezi kuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana, na kwetu hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi au karibu yake. Mama huingia kwenye saa mbili, maji yakiwa yanarudi nyuma, na hutoka kwenye saa sita yanapomfika kiunoni. Kesho yake kila kitu husogea mbele kwa dakika arubaini, hamsini. Baada ya juma hivi bamvu inakwisha na maji mafu yanaingia. Bahari haipwi vya kutosha, kwa hiyo vigingi havifikiki na kazi ya shambani inasimama.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama ana kamba 100, kila moja imefungwa vishada 20 hivi vya mbegu kwa taitai. Mwani huvunwa baada ya siku 45, na ndani ya siku hizo mna bamvu tatu. Katika kila bamvu anakaa majini siku saba kwa saa nne, yaani saa 28, akipanda, akisafisha kamba, akikaza vigingi. Kufunga mbegu ufukweni kunamchukua saa 11 nyingine kila bamvu. Mavuno yakifika, kubeba, kuanika na kuchambua mchanga ni saa 15 zaidi. Jumla kwa duru nzima ni saa 132.

Kamba moja ikimpa kilo 1.6 za mwani mkavu, atapata kilo 160. Tukichukua bei ya shilingi 700 kwa kilo, hizo ni shilingi 112,000. Ukitoa shilingi 12,000 za kamba na taitai, zinabaki 100,000 kwa siku 45, ambazo ni kama shilingi 67,000 kwa mwezi. Kwa kila saa ya kazi amepata shilingi 757 hivi.

Tuweke kikomo cha ajira pungufu kuwa saa 40 kwa juma, kisha tumtume mdadisi. Akifika baada ya bamvu ya mavuno, mama huyu amefanya saa 54, kwa hiyo ana kazi ya kutosha na hata kuzidi. Akifika baada ya bamvu ya kawaida, ana saa 39 na anakosa saa moja tu kufikia kikomo. Akifika baada ya juma la maji mafu, saa zake za mwani ni sifuri, na mdadisi ataanza kuuliza kama amepumzika kwa muda au hana kazi. Ni mtu yule yule na kipato kile kile, kilichobadilika ni mwezi angani. Wastani wake halisi ni kama saa 20 na nusu kwa juma, na hakuna jibu kati ya hayo matatu linalouonesha.

Swali la pili ni baya zaidi. "Je, ungependa kufanya saa zaidi?" Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa Jambiani, akiwa amechuchumaa kwenye mchanga na taitai mdomoni. Alizitoa, akanitazama: "Saa zipi tena mwanangu, na maji ndiyo hayo yanarudi?" Kwenye dodoso niliandika "Hapana". Kwa jibu hilo akatoka katika kundi la ajira pungufu, kwa kuwa hakutaka saa zaidi. Ukweli ni kwamba bahari haimpi saa zaidi, na hata ingempa, kila saa ingemletea shilingi zile zile 757.

Zaidi ya mara moja niliiandikia ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi kuhusu jambo hili. Nilijibiwa kwamba dodoso limeoanishwa na viwango vya kimataifa, na kwamba kulibadilisha kutavunja ulinganifu na tafiti zilizopita. Hoja hiyo naiheshimu, kwani ulinganifu una thamani yake. Lakini azimio lenyewe haliwazuii wenye nchi kuongeza maswali, na inaniuma kuona mpango wa kuongeza "saa za kazi" ukitayarishwa kwa watu ambao saa zao zimepimwa na kupwa na kujaa.

Mtu atauliza kwa nini hawalimi kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko spinosamu. Walijaribu, na wengine wangali wanajaribu. Kotonii haivumilii maji ya moto ya kina kifupi. Joto la kaskazi likizidi, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mama hubaki na kamba tupu. Maji yenye kina yana nafuu ya joto, lakini yanataka chombo na kujua kuogelea. Masika nayo huzuia kuanika, na mwani ulionyeshewa hupoteza daraja. Mwenye kuchukua kamba na taitai kwa mnunuzi kwa sharti la kumuuzia yeye hana pa kupeleka mwani wake akiona bei haifai.

Kwa hayo napendekeza, kwanza, kila dodoso la mwambao liwe na tarehe ya mwezi mwandamo pembeni mwa tarehe ya kawaida. Ni tarakimu mbili tu, hazivunji ulinganifu wowote, na zitamwezesha mchambuzi kutenganisha juma la bamvu na la maji mafu.

Pili, kaya za mwani zihojiwe mara mbili, bamvu moja na maji mafu yanayofuata. Bajeti isiporuhusu, basi sehemu ndogo ya sampuli. Isiporuhusu hata hiyo, liulizwe swali moja la kipato cha mavuno ya mwisho na siku zilizotumika kuyapata.

Tatu, jibu la "Hapana" kwenye saa zaidi lifuatwe na "Kwa nini?", na majibu yawe na nafasi ya "muda wa maji hauruhusu" na "malipo hayaongezeki". Bila swali hilo tutaendelea kumwandika aliyezuiliwa kana kwamba ametosheka.

Nne, kipato kwa saa kichapishwe katika jedwali lile lile la saa za kazi. Azimio la 1998 nililolitaja mwanzoni linatupa nafasi hiyo.

Tano, nalirudia kwa makusudi: wapangaji wa miradi wasichukue saa chache kuwa ndilo tatizo. Kabla ya kugawa kamba zaidi, waulize bei, masharti ya mnunuzi, mahali pa kuanikia pasiponyeshewa, na vyombo na mafunzo ya kuogelea kwa wanaotaka kuhamia maji yenye kina.

Sita, wadadisi wafundishwe kuuliza kazi za maji mafu. Kusuka ukili wa kuuza, kuokota chaza wa kuuza na kupika maandazi ni kazi za kipato, lakini ukiuliza "kazi yako kuu" mama atajibu "mwani" na hizo zote zitapotea. Kuni na maji ya nyumbani ziandikwe katika sehemu yake, kwa sababu ndizo zinazokula muda ambao kwenye karatasi unaonekana mtupu.

Rasimu ya maswali ya ziada ni ukurasa mmoja, na nimeikabidhi kwa sekretarieti. Naomba ijaribiwe katika shehia moja ya mashariki, kwa kaya zile zile, kuanzia bamvu ya mwezi mwandamo ujao hadi maji mafu yanayoifuata, kabla dodoso la utafiti mkuu halijafungwa.