Nafasi mbili, ujumbe mmoja

Tuseme mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, wilayani Mbinga, umetangaza nafasi mbili: karani wa mizani na mtunza stoo. Kijana aliyewahi kupima kahawa na kujaza leja katika chama cha msingi anazimudu zote. Aziombe kwa ujumbe mmoja, mradi tangazo halidai maombi tofauti wala kumbukumbu namba mbili.

Kichwa cha ujumbe kitaje nafasi zote. Vinginevyo masijala huenda ikaiweka barua kwenye jalada moja tu. Ndani aandike wazi: "Naomba kwanza nafasi ya mizani, ya stoo pia niko tayari."

Lakini nafasi ya pili ikiwa udereva wa lori la kwenda bandari ya Ndumbi, naye hana leseni ya magari makubwa, aiache: itadhoofisha hata ombi la mizani.